Dakika 21 zilipotelea wapi? Kisa cha mkimbiaji wa lami aliyepelekwa kilimani Kigoma

Jumapili ya kwanza ya Julai, saa 12 na nusu asubuhi, tulikuwa watu tisa kwenye mchanga wa kijiji kimoja kaskazini mwa Kibirizi. Wavuvi walikuwa wanarudi, taa zao bado zimening'inia kwenye mitumbwi, na akina mama wameshaanza kutandaza dagaa. Mmoja wa hao tisa ndiye mhusika wa kisa hiki. Ana miaka 26, anaendesha bodaboda Mwanga, na kwenye kikundi chetu tunamwita Dogo. Kwenye lami huyu si wa mchezo: kilomita 21 anazimaliza kwa saa 1 na dakika 17, na barabara ya Ujiji anaijua kila shimo. Alikuwa ameshajiandikisha mbio za milimani na alikuja kwangu kwa sababu mimi ndiye ninayeshika saa na daftari.

Kigoma ni mwisho wa reli, kila mtu anajua, lakini wanaokuja kwa treni hudhani pia ni mwisho wa milima. Ziwa lenyewe liko kwenye mita 770 na ushei juu ya usawa wa bahari, na vilima vinasimama nyuma yake moja kwa moja kama ukuta. Njia tuliyoichagua ina urefu wa kilomita 2.1 kutoka mchangani hadi kwenye mgongo wa kilima, na inakuinua mita 380. Haipandi sawasawa. Mita 700 za mwanzo zinapita katikati ya mihogo na michikichi, zinakuinua mita 70 tu. Mita 900 zinazofuata ndiyo roho ya kilima, kwa sababu hapo unapanda mita 240, yaani kila mita 100 za njia zinakuinua karibu mita 27, na chini ni udongo mwekundu uliofunikwa kokoto nyeupe zinazobingirika. Mita 500 za mwisho zinalegea tena, ni majani mafupi hadi juu. Unagusa jiwe, unageuka, unashuka njia ileile. Mizunguko mitatu.

Dogo alipanda mzunguko wa kwanza kwa dakika 24 na kushuka kwa 13. Alituacha wote. Wa pili alipanda kwa 29 akashuka kwa 16. Wa tatu alipanda kwa dakika 38 na kushuka kwa 22, akafika mchangani na kiganja kimechunika, maana alianguka mara mbili. Jumla ni saa 2 na dakika 22.

Aliyempita ni dada mmoja wa miaka 41 anayeuza mawese sokoni. Ana historia ndefu ya kushuka vilima hivi na dumu kichwani, na historia fupi sana ya mbio, miaka miwili hivi. Tangu mwanzo wa kokoto hakukimbia hata hatua moja kwenda juu. Mipando yake ilikuwa dakika 27, 28 na 28. Mishuko yake 12, 13 na 13. Saa 2 na dakika 1.

Tofauti ni dakika 21, na swali la kisa hiki ni zilipotelea wapi.

Dogo alikuwa na jibu kabla hajakaa chini. "Mwalimu, pumzi imekata. Nilitoka kwa pupa." Mimi nikakubali, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu hilo ndilo jibu tunalolitoa kwa kila mtu anayekufa mwishoni mwa mbio za lami, na mara nyingi ni kweli. Nikamwambia Jumapili ijayo aanze taratibu. Akaanza taratibu kweli: alipanda kwa dakika 28, dakika moja nyuma ya mpando wa kwanza wa yule dada, akashuka kwa 14, kisha akapanda tena. Dakika 32. Alipokuwa chini kati ya mizunguko hiyo miwili nilimuuliza pumzi ikoje, akasema safi, na saa yake ya mkononi ilionyesha mapigo 140, ambayo kwake ni mwendo wa mazungumzo. Pupa haikuwepo na pumzi ilikuwepo. Lakini mapaja yalikuwa yamegoma.

Ukiliangalia daftari vizuri, hesabu ilikuwa inasema tangu siku ya kwanza. Kwenye mipando mitatu Dogo alipoteza dakika 8 kwa jumla. Kwenye mishuko alipoteza 13. Na zile 8 za mipando hazikuanza mwanzoni. Mpando wa kwanza alikuwa mbele kwa dakika 3, wa pili akawa nyuma kwa moja, wa tatu akawa nyuma kwa 10. Mpando wake ulianza kuharibika baada ya mshuko wa kwanza.

Jumapili ya tatu tulifanya jaribio la kuthibitisha. Apande kwa dakika 28 kama wiki iliyotangulia, lakini ashuke akitembea, kwa hatua fupi za kupinda kushoto na kulia, bila kukimbia popote. Alishuka kwa dakika 21. Kisha akapanda tena, na saa ikasimama kwenye 28. Mtu atasema alipata dakika 7 zaidi za kupumzika, na hilo sikatai, limesaidia kiasi chake. Lakini mapigo ya moyo wake chini yalikuwa yameshatulia mara zote mbili, na yeye mwenyewe alisema paja la safari hii "halina maji." Kwangu ilitosha. Tatizo la kupanda lilikuwa linatengenezwa wakati wa kushuka.

Kwa nini? Twende kwenye kokoto, maana ushahidi ulikuwa umeandikwa chini. Julai hakuna mvua, na vumbi la njia ile ni laini kama unga wa muhogo. Nilishuka na yule dada tukiangalia alama za raba. Za kwake zilikuwa fupi, soli nzima imelala, moja karibu na nyingine. Za Dogo zilikuwa mbali mbali, na kila moja ilianza na shimo la kisigino, kisha mfereji wenye urefu wa kiganja ambapo mguu uliteleza kabla ya kusimama. Dada akaweka mkono wake ndani ya mfereji mmoja, ukaenea wote. "Mdogo wangu huyu anashuka na breki mkononi," akasema. Ni maneno ya bodaboda, na nilipomfikishia Dogo aliyaelewa kuliko chochote nilichokuwa nimemwambia.

Mtu akitupa mguu mbele ya mwili wake na goti likiwa karibu limenyooka, ardhi inamrudisha nyuma kila hatua. Misuli ya mbele ya paja ndiyo inayopokea uzito huo, na inaupokea ikiwa inakaza huku inavutwa kurefuka. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayoichana misuli kwa mikwaruzo midogo sana. Maumivu yake huja baadaye, kesho yake na hasa keshokutwa, ndiyo maana hakuna anayeyahusisha na mshuko. Lakini nguvu ya msuli hupungua palepale, kabla maumivu hayajaanza. Unafika chini hujisikii kuumwa popote, unageuka kupanda tena, na paja halisukumi.

Pumzi nayo inakudanganya. Mwaka 2002 mtafiti Alberto Minetti na wenzake walipima watu wakikimbia kwenye mielekeo mbalimbali, wakakuta kwamba kukimbia mteremko wa asilimia 20 kunagharimu karibu nusu tu ya nishati ya kukimbia tambarare. Kwa hiyo saa ya mkononi inakwambia unapumzika wakati mapaja yanakatwa. Kwa mkimbiaji wa lami aliyezoea kuongozwa na mapigo ya moyo, huo ni mtego kamili.

Dogo alinibishia kidogo, na hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema alisoma kuhusu Karl Egloff, aliyepanda na kushuka Kilimanjaro mwaka 2014 kwa saa 6 na dakika 42, na kwamba kushuka kote kulichukua chini ya saa mbili. "Sasa Mwalimu, kazi si iko kwenye kupanda?" Muda mrefu uko kwenye kupanda, ndiyo. Ila mtu anayeshuka zaidi ya mita 4,000 kwa muda huo ana mapaja yaliyozoeshwa miaka mingi, na yeye mlima ulikuwa mmoja, chini hakuwa na kilima kingine kinachomsubiri. Kwetu kulikuwa na viwili.

Nikaanza na kupanda hata hivyo, kwa sababu ndiko kulikokuwa na ubishi zaidi. Dogo hakutaka kutembea. Kwake kutembea kwenye mbio ni kushindwa mbele za watu, tena mbele za mama wa mawese. Nilimwonyesha namba moja tu. Kwenye zile mita 900 za katikati, mzunguko wa kwanza, akiwa bado mzima na akikimbia mwanzo hadi mwisho, alitumia dakika 15. Dada, akitembea, alitumia 16. Mita 900 kwa dakika 15 ni kilomita 3.6 kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu anayekwenda sokoni bila haraka. Alikuwa anarukaruka mahali pamoja, kwa mapigo 182, ili kupata dakika moja.

Sababu yake iko kwenye kano za mguu. Kwenye tambarare, kukimbia kuna ruzuku: unaponyanyuka na kutua, kano ya kisigino inavutika kama mpira na kukurudishia sehemu ya nguvu. Kwenye mwinuko mkali hutui kutoka juu, kwa sababu ardhi inakufuata. Mpira hauvutiki, hakuna kinachorudi, na bado unalipia kule kuruka. Anayetembea ana mguu mmoja chini muda wote, anasukuma tu. Utafiti wa Nicola Giovanelli na wenzake, uliotoka mwaka 2016, ulilinganisha watu wakipanda kwa kasi ileile ya wima, ukaonyesha kwamba kwenye mielekeo mikali kutembea kunakula nishati kidogo kuliko kukimbia. Kasi waliyoitumia ilikuwa kama mita 1,260 za kupanda kwa saa. Dogo kwenye sehemu kali alikuwa anapanda mita 960 kwa saa, Dada 900. Wote wawili walikuwa chini ya kasi ya maabara, kwa hiyo hoja ya kukimbia ilikuwa dhaifu zaidi kwetu.

Kutembea kwenyewe si kule kwa sokoni. Unakunja kiuno, si mgongo. Mgongo unabaki umenyooka kama wa mtu anayeinama kunyanyua ndoo. Hatua ni fupi. Kisigino kinagusa ardhi kila kinapoweza, ili shavu la mguu lisifanye kazi peke yake. Mikono ndiyo inayotenganisha matembezi haya na mengine: kiganja kinashika paja juu kidogo ya goti, vidole vikiangalia ndani, na mkono unasukuma chini wakati uleule mguu unanyooka. Goti lenyewe halishikwi. Dogo wiki ya kwanza alikuwa anaegemeza mikono tu, kama mtu aliyechoka, na kusukuma hakuna. Utajua kwa kusikiliza: anayesukuma kweli unasikia kiganja kikipiga kaptura kwa mpigo mmoja na mguu. Anayeegemea humsikii.

Wapi aache kukimbia na kuanza kutembea? Sikumpa pembe wala asilimia, maana njiani hakuna anayepima. Nilimpa kipimo cha mwenzake. Mmoja anakimbia, mwingine anatembea kwa nguvu pembeni yake. Mahali ambapo anayetembea hasogei nyuma, hapo kukimbia hakuna maana. Kwenye kilima chetu mahali hapo palikuwa hatua chache tu baada ya mchikichi wa mwisho. Na ukiwa peke yako, angalia kisigino. Kikianza kushindwa kufika chini huku unakimbia, tembea.

Kosa la upande wa pili lilikuja bila kutarajiwa. Alipokubali kutembea, akatembea hadi juu. Zile mita 500 za majani, ambazo zamani alizikimbia kwa dakika 4, sasa zilimchukua zaidi ya 6. Mwili ukishazoea mdundo wa kutembea haukwambii kwamba mwinuko umelegea. Dawa yake ilikuwa ya kitoto: tuliweka jiwe jeupe hatua 15 kabla ya ukingo wa majani, na sheria ikawa ukilifikia jiwe mikono inatoka mapajani, unyooke, uanze kukimbia kwa hatua fupi kabla hujaona tambarare. Wiki mbili baadaye jiwe liliondolewa, labda watoto waliliona zuri, lakini mguu ulikuwa umeshajifunza.

Sasa kushuka. Hapa nilitumia muda mwingi zaidi, na hapa ndipo nilipomuumiza.

Kitu cha kwanza kilikuwa kuhesabu. Unahesabu mguu wa kulia tu kwa sekunde 20, unazidisha kwa 6. Dogo kwenye mteremko alikuwa anapata 25, yaani hatua 150 kwa dakika. Kwenye lami ni 180. Maana yake anaposhuka anaongeza urefu wa hatua na kupunguza idadi, kinyume kabisa na kinachotakiwa. Lengo likawa 30 kwa sekunde 20, popote panapoteremka. Sikumwambia aende haraka. Nilimwambia mguu utue chini ya kiuno chake, goti likiwa limelegea, na mwili mzima uelekee mbele kidogo kuanzia kwenye kifundo cha mguu, si kukunjika kiunoni. Anayeogopa hulala nyuma. Akilala nyuma uzito unahamia kwenye kisigino, kisigino kinateleza juu ya kokoto, anaogopa zaidi. Dogo alianguka mara mbili siku ile kwa sababu ya kujihami.

Mazoezi ya mwanzo hayakuwa kwenye kokoto. Tulichukua kipande cha mita 120 kwenye mihogo, mteremko wa kawaida tu, akashuka mara sita huku anapanda kwa kutembea. Mimi nilisimama chini nikimgeuzia mgongo. Sauti inatosha. Mtu anayepiga breki unasikia pwaa, pwaa, na kokoto zikimfuata. Aliyepata unasikia chapchapchap, nyepesi, kama mtoto anayekimbia kwenye sakafu. Mara ya nne nilisikia sauti ikibadilika katikati ya kipande, nikageuka, nikamwona mikono yake imefunguka pembeni kama ya mtu anayevuka gogo. Hakuna aliyemfundisha mikono. Hatua zikiwa za haraka mikono hujipanga yenyewe kutafuta mizani, na ukiibana kifuani unaipoteza.

Macho yalichukua muda zaidi. Alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. Kwa kasi hiyo jiwe unaloliona miguuni umeshalikanyaga. Anatakiwa aangalie mita tatu au nne mbele na kuchagua pa kukanyaga hatua tano zijazo, akiiamini miguu kutekeleza walichokubaliana nusu sekunde iliyopita. Na kuchagua kwenyewe kuna elimu yake. Kokoto nyeupe zilizolala juu ya udongo mgumu ndizo hatari, zinafanya kazi kama gololi. Jiwe kubwa lililozama nusu ardhini ni rafiki. Pembeni mwa njia penye majani mafupi pana mshiko kuliko katikati palipong'arishwa na miguu ya watu. Dada anajua haya bila kuyasema. Ukimfuata nyuma utaona njia yake haiko katikati ya njia.

Kiatu nacho kina lake. Raba za Dogo zilikuwa za lami, soli imelika laini, na kucha mbili za vidole gumba zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi. Kucha nyeusi inakwambia mguu unateleza mbele ndani ya kiatu na kugonga ncha. Kabla ya kununua kiatu kingine, angalia kama kuna tundu la ziada juu kabisa karibu na kifundo. Kamba ikipitishwa humo kwa kitanzi kila upande, kisha ikavushwa ndani ya kitanzi cha upande wa pili na kukazwa, kisigino kinabaki nyuma. Tulifanya hivyo, kucha zikakatwa fupi, na suala likaisha. Soli yenye meno alikuja kuinunua kwenye mitumba wiki ya nne.

Wiki ya tano nikafanya pupa mimi. Mishuko mifupi ilikuwa inakwenda vizuri, sauti safi, hesabu 29 hadi 30, nikampa mishuko mitatu mizima ya kilima kwa siku moja, kwa nguvu. Alishuka vizuri yote. Jumatatu akanipigia anacheka kwamba anashuka ngazi kinyumenyume. Jumanne hakucheka. Alishindwa kurusha mguu juu ya pikipiki, na siku mbili hakwenda kijiweni, na hela ya siku mbili ni hela. Mbinu nzuri inapunguza mikwaruzo, haiifuti. Mapaja yake yalikuwa yamezoea dakika chache za mteremko na mimi niliyapa zaidi ya nusu saa.

Nilimuuliza maswali mawili kwa simu. Maumivu yako kwenye nyama za mapaja yote mawili, au kwenye goti moja? Na mkojo una rangi gani? Maumivu ya pande zote mbili, yanayofika kilele siku ya pili na kuisha ndani ya siku nne au tano, ni ya kawaida. Maumivu ya goti moja yanayokuuma hata ukitembea tambarare ni jambo jingine, unaacha mishuko hadi yaishe. Na mkojo ukitoka wa rangi ya chai ya strungi baada ya kazi kama hii, huyo si wa kunywa maji na kusubiri, anapelekwa hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu msuli uliovunjika sana unaweza kuumiza figo. Dogo alikuwa na jibu zuri kwa yote mawili. Nilimwomba radhi hata hivyo.

Lakini dhara lile lilikuwa na faida yake, na hiki ndicho kitu ambacho wakimbiaji wa lami huwa hawakiamini hadi wakione. Msuli ukishapigwa mara moja na mteremko, mara ya pili hauumii sana kama mara ya kwanza, na kinga hiyo inadumu wiki kadhaa. Siku 13 baadaye tulirudia mishuko ileile mitatu. Keshokutwa yake alikuwa kijiweni, anasema mapaja "mazito kidogo tu." Ndiyo maana mshuko mkali wa mwisho unapangwa kama siku 10 hadi 14 kabla ya mbio: mbali kiasi cha msuli kupona, karibu kiasi cha kinga kuwa bado ipo. Wetu uliangukia siku 12 kabla ya jaribio la mwisho.

Jaribio hilo lilikuwa Jumapili ya kwanza ya Septemba, vumbi lileile, saa ileile. Dogo alipanda kwa dakika 26, 27 na 29. Alishuka kwa 12, 12 na 14. Saa 2 kamili, dakika 22 chini ya Julai, na mpando wa kwanza ulikuwa wa polepole kuliko ule wa Julai kwa dakika 2. Mapigo yake kwenye kokoto yalizunguka 165, si 182 tena.

Sitaki mtu achukue namba hizi na kwenda nazo kila mahali. Njia za kutoka Kalinzi kuteremkia ziwani zina vipande virefu vya mwinuko wa kawaida ambavyo Dogo lazima avikimbie, na akitembea humo atapitwa na watu anaowaweza. Mvua zikianza udongo ule mwekundu unakuwa sabuni, kokoto hazina kazi tena, na mshuko wa hatua za haraka unabaki na maana lakini kasi yake inashuka sana. Pia jaribio letu lilikuwa la mtu mmoja na kilima kimoja, na kati ya Julai na Septemba aliongeza mazoezi kwa ujumla, kwa hiyo siwezi kuzigawa zile dakika 22 na kusema hizi za mikono mapajani, hizi za hatua.

Kilichobaki ni zile dakika 14 za mshuko wa tatu. Nilikwenda kuangalia vumbi. Alama zilikuwa fupi na safi hadi kwenye mfereji wa maji chini ya kokoto, pale njia inapokata kulia. Kuanzia hapo, kwa kama mita 80, mashimo ya kisigino yamerudi, na mifereji yake imerudi, mifupi lakini ipo. Ni mahali ambapo alianguka mara ya pili Julai. Wiki hii tunakwenda hapo tu, mara nane, bila kupanda hadi juu.

Dada siku hiyo alimaliza kwa saa 1 na dakika 58. Alipoulizwa amebadilisha nini, alisema aliona lile jiwe jeupe kabla watoto hawajalichukua.